Kona ya Geti: Mwanya, Pembe na Ampea

Geti likianza kulala na kukwaruza sakafu, mwenye nyumba humwita fundi abadilishe bawaba. Mara nyingi bawaba haina kosa. Kwangua rangi kwenye kona ya juu, upande ule unaoshikwa na nguzo, na utakuta ufa mwembamba unaofuata mstari wa mshono. Ukiendelea kukwangua utakutana na bodifila iliyopakwa kuziba matundu, na chini ya bodifila kuna chuma kilichosagwa kwa greinda mpaka kikawa laini kabisa. Mshono wenyewe umeondoka na vumbi la greinda siku ile ile geti lilipotengenezwa.

Nimesikia lawama nyingi kuhusu jambo hili, na karibu zote humwangukia fundi kwamba mkono wake hautulii. Sikubaliani nazo. Kona ya geti huharibika kabla cheche ya kwanza haijaruka, pale mabomba yanapokatwa na kukutanishwa. Mwanya ukiwa mpana, fundi hulazimika kushusha ampea ili asitoboe. Akizishusha, chuma hakiyeyuki vizuri, kwa hiyo mshono unakaa juu juu kama kilima. Kilima kinamkera mteja, basi kinasagwa. Mwanya, pembe ya rodi na ampea ni uamuzi mmoja, na ndiyo maana nataka tuufuate kwenye geti moja mwanzo hadi mwisho.

Tuchukue geti la kuingilia watu, aina inayotengenezwa kila siku Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji jijini Nairobi. Upana wake ni mita 1.2 na kimo chake mita 2. Fremu ni ya bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, lenye unene wa ukuta wa milimita 2, na katikati kuna bomba moja la kulala. Ndani yake zitasimama nondo 9 za milimita 12. Chuma chenyewe ni chuma laini cha kawaida, kile cheusi kinachotoka dukani na mafuta kidogo juu yake. Zana ni inveta ndogo ya umeme wa nyumbani, greinda, skwea, tepu, klampu, nyundo ya kugongea slagi na brashi ya waya.

Geti kama hili likikamilika lina uzito wa takribani kilo 35. Likining'inia kwenye bawaba mbili zilizoachana mita 1.6, bawaba ya juu huvutwa kwa nguvu ya kama kilo 13, na ya chini husukumwa kwa nguvu kama hiyo. Si mzigo wa kutisha. Lakini mtoto wa kilo 30 akidandia upande wa komeo ili abembee, nguvu ya kuvuta bawaba ya juu inapanda mpaka zaidi ya kilo 35, na fremu nzima inataka kugeuka kutoka mstatili kuwa umbo lililolala. Kinachoizuia isilale ni kona zake. Nondo za ndani hazisaidii sana, kwa sababu zimesimama wima zote. Geti lililofunikwa kwa bati zito lina msaada mkubwa zaidi, maana bati lenyewe linakataa kulala. Geti la nondo linategemea mishono.

Kuna namna mbili za kukutanisha mabomba kwenye kona. Ya kwanza ni kukata mwisho wa bomba moja wima na kuliegemeza kwenye ubavu wa jingine. Ni rahisi kukata, ila mdomo wa bomba la pili unabaki wazi, na usipozibwa, maji ya mvua yanaingia na kutu inakula fremu kutoka ndani. Ya pili ni kukata kila bomba kwa nyuzi 45 ili midomo ikutane na kujifunga yenyewe. Kwa geti la nje mimi nachagua ya pili bila kusita, japo inadai ukataji wa makini.

Kupata nyuzi 45 hakuhitaji kifaa cha bei. Kwa kuwa bomba lina upana wa milimita 40, weka alama kwenye ncha ya upande utakaokuwa wa nje, kisha rudi nyuma milimita 40 kwenye upande wa ndani, uunganishe alama hizo mbili kwa mstari kwenye nyuso zote mbili za ubavuni. Kata ukifuata uso mmoja, geuza bomba, fuata uso wa pili. Anayelazimisha diski ipenye bomba zima kutoka upande mmoja hutoka nje ya mstari upande wa pili bila kujua, na kosa hilo ndilo linalozaa mwanya. Vipimo vyote vinachukuliwa kwenye upande mrefu: mabomba mawili ya mita 2 na mawili ya mita 1.2. Lile la katikati linakatwa wima, kwa urefu wa milimita 1,120, kwa sababu linakaa kati ya mabomba mawili ya milimita 40.

Baada ya kukata, ondoa ngozi nyeusi, mafuta na kutu kwa greinda, sentimita 2 hivi kila upande wa mahali mshono utakapopita, mpaka chuma king'ae. Mafuta na unyevu vikichomwa hutoa gesi, na gesi hiyo inaacha vitundu ndani ya mshono. Ikiwa umenunua bomba lililopakwa zinki, ile rangi ya fedha inayopakwa kuzuia kutu, isage yote mahali hapo na ufanye kazi penye hewa inayopita. Moshi mweupe wa zinki unaleta homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baadaye, na kuna mafundi wanaodhani ni malaria.

Sasa panga mabomba manne juu ya meza au juu ya vipande vya chuma vilivyo sawa. Angalia kila kona. Kipimo changu cha mwanya ni wembe wa msumeno wa chuma, ule wa mkono. Wembe ukiingia kwenye mwanya kwa kubana, kona iko vizuri. Milimita 1 inavumilika. Ikifika milimita 2, yaani sawa na unene wa ukuta wenyewe, rudisha bomba likakatwe upya au lisagwe mpaka likae. Najua linalofanyika mahali pengi: fundi anavunja unga wa rodi, anachukua ule waya wa ndani, anausokomeza kwenye mwanya na kuchomelea juu yake. Waya unayeyuka juu, chini unabaki mzima ukiwa umezungukwa na slagi, na kona inaonekana imejaa wakati haijashikana. Hapo hakuna ampea wala pembe itakayookoa kitu.

Kwa kazi hii rodi inayofaa ni E6013 ya milimita 2.5. Namba hiyo ina maana yake. 60 inaeleza nguvu ya chuma cha mshono, kwamba kinastahimili mvuto wa paundi 60,000 kwa kila inchi ya mraba. 1 inasema rodi inaweza kutumika katika mikao yote, chini, wima na juu ya kichwa. 3, ikisomwa pamoja na namba iliyotangulia, inaeleza aina ya unga wa nje na umeme unaoukubali. Kwa mtumiaji maana yake ni rodi inayowaka kwa utulivu, isiyochimba sana, na inayokubali mashine za kila aina. Tabia hiyo ya kutochimba sana ndiyo tunayoitaka kwenye ukuta wa milimita 2. Rodi ya milimita 3.2 inapendwa kwa sababu inajaza haraka, lakini huanza kuwaka vizuri kwenye ampea 90 hivi, na kiwango hicho kinatosha kutoboa bomba letu.

Rodi ya 2.5 kwa kawaida hufanya kazi kati ya ampea 60 na 100. Pakiti yenyewe huandika kiwango chake, na hicho ndicho cha kufuata. Ukiwa na chuma kinene ungekaa katikati au juu. Kwa bomba letu tunaanzia chini, kwenye 65. Nasema tunaanzia, kwa sababu namba inayoonekana kwenye kioo cha mashine si lazima iwe ndiyo inayofika kwenye rodi. Inveta nyingi ndogo zimeandikwa ampea kubwa kuliko uwezo wake. Nyaya ndefu na nyembamba za kuunga umeme hupunguza nguvu njiani, hasa jioni umeme wa mtaa ukiwa umeshuka. Na mashine za transfoma zinazosukwa kwenye karakana zetu hazina namba kabisa, zina mkono wa kuzungusha au matundu ya kuchomeka waya. Anayetumia mashine hiyo asikate tamaa, maana njia ya kupima ni ile ile.

Njia hiyo ni kipande cha majaribio. Kata vipande viwili vya sentimita 10 kutoka kwenye bomba lile lile la geti, vikutanishe kwa namna ile ile, na upige mshono mmoja kabla hujagusa fremu. Sikiliza kwanza. Ampea zikiwa sawa, rodi inatoa sauti ya samaki anayekaangwa, mfululizo bila kukatika. Zikiwa chache, rodi inanata kila ukiigusisha, sauti inakatika, na mshono unatoka mwembamba uliovimba, kingo zake zimekaa juu ya chuma bila kuzama. Zikizidi, matone yanaruka kila upande, rodi inakuwa nyekundu kabla haijafika nusu, mshono unalala bapa na mistari yake inakuwa na ncha kali, na pembeni kunachimbika mfereji. Mfereji huo ni hatari kwenye bomba jembamba, kwani ukichimba nusu milimita kwenye ukuta wa milimita 2 umeshaondoa robo ya unene.

Kisha kifunge kipande hicho kwenye jiliwa na ukipige nyundo mpaka kivunjike. Hii ni dakika tano tu, na inakwambia ukweli kuliko macho. Mshono ukibanduka mzima na kuacha nyuma mstari wa bomba ulio laini, bado una alama za greinda, basi chuma hakikuyeyuka hapo. Ongeza ampea 5 ujaribu tena. Bomba lenyewe likipinda na kuchanika kando ya mshono huku mshono ukibaki umeshikilia pande zote mbili, umefika. Ukiona madoa meusi yanayong'aa kama kioo ndani ya mpasuko, hiyo ni slagi iliyofungiwa, na kosa liko kwenye pembe au mwendo wa rodi, si kwenye ampea.

Kwenye inveta kuna tundu la chanya na la hasi. E6013 inakubali zote mbili. Kwa ukuta mwembamba weka holda ya rodi kwenye hasi na klampu ya athi kwenye chanya, maana hivyo kina cha kuchimba kinapungua na hatari ya kutoboa inapungua nayo. Klampu ya athi ifungwe kwenye chuma kilichosagwa, kwenye fremu yenyewe. Ikifungwa juu ya rangi au kutu, umeme unasitasita na fundi anahangaika na kitufe cha ampea bila sababu.

Kabla ya mishono, shikiza. Kila kona ipate vidoto viwili vya milimita 5 au 6, kimoja kwenye uso wa juu karibu na pembe ya nje, kingine karibu na pembe ya ndani. Kwa kushikiza, panda mpaka ampea 75, kwa sababu chuma bado ni cha baridi na unakigusa kwa muda mfupi. Shikiza kona zote nne, halafu pima mishazari. Kwa geti letu, kila mshazari kutoka pembe ya nje hadi pembe ya nje iliyo mkabala unapaswa kuwa milimita 2,332. Ukipata 2,336 upande mmoja na 2,328 mwingine, fremu imelala, na bado inawezekana kuisukuma kwa mkono au kuivuta kwa klampu. Ukishapiga mishono, haisogei tena. Milimita 2 za tofauti zinakubalika. Kisha gonga slagi yote ya vidoto na uvisage kingo ziwe na mteremko, ili mshono utakapopita juu yake uviyeyushe na kuvimeza.

Sasa tumefika kwenye sehemu ambayo watu huipita haraka, nami ndiyo ninayoijali zaidi. Kona moja ya bomba la mraba ina mishono minne, na mishono hiyo si ya aina moja. Miwili iko kwenye nyuso bapa, ule wa juu na ule wa chini, kila mmoja una urefu wa milimita 57 hivi. Mmoja uko ndani ya pembe, ambako mabomba yanakutana na kutengeneza kibonde. Mmoja uko nje, kwenye ukingo wa kona. Kila aina inapokea joto kwa namna yake, na fundi anayetumia ampea zile zile na pembe ile ile kwa yote minne atakuwa amekosea angalau mmoja.

Anza na uso bapa, fremu ikiwa imelala. Simamisha rodi wima juu ya mstari, isilalie bomba la kushoto wala la kulia. Halafu ulaze mkono wa rodi kidogo kuelekea upande unakokwenda, nyuzi 10 hadi 15, ncha ikitazama nyuma kwenye chuma kilichoyeyuka. Unavuta rodi, huisukumi. Sababu ni slagi. Unga wa rodi unapoyeyuka unaelea juu ya chuma kioevu, na nguvu ya moto ikielekezwa nyuma inaizuia slagi isikimbilie mbele ya dimbwi. Rodi ikisimama wima kabisa au ikisukumwa, slagi inatangulia, chuma kinamwagika juu yake, na yale madoa ya kioo yanabaki ndani. Rodi ikilazwa kupita kiasi, tuseme nyuzi 40, moto unapuliza chuma nyuma, mshono unakuwa mrefu usio na kina, na matone yanazidi.

Ncha ya rodi ikae umbali unaokaribia unene wa waya wake, yaani milimita 2 hadi 2.5 kutoka kwenye chuma. Rodi inapungua kadiri inavyowaka, hivyo mkono lazima ushuke nayo pole pole huku ukisonga mbele. Umbali ukiongezeka, volti zinapanda, moto unatawanyika, hewa inaingia na vitundu vinazaliwa. Wengi wakiona dalili za kutoboa huinua rodi juu, wakidhani wanapunguza joto. Wanalolifanya ni kulieneza joto eneo kubwa zaidi na kuondoa kinga ya moshi wa rodi. Dawa ya kutoboa ni kusonga haraka zaidi au kukata moto kabisa, siyo kuinua.

Macho yasiangalie mwanga wa cheche, yaangalie dimbwi lililo nyuma yake. Slagi ni ile nyekundu inayotembea juu, na chuma ni kile kinachong'aa chini yake. Dimbwi likiwa na upana wa milimita 5 au 6, unakwenda sawa. Likianza kupanuka na kubonyea katikati, bomba linakaribia kufunguka. Uso mmoja wa milimita 57 huchukua takribani sekunde 20. Ukimaliza kwa sekunde 10 umekimbia, ukitumia 40 umeshatoboa. Mwishoni usiondoe rodi ghafla. Rudi nyuma kidogo juu ya mshono, subiri kidogo, ndipo ukate, ili shimo la mwisho lijae. Shimo lililoachwa wazi ndipo ufa unapoanzia.

Pembe ya ndani ni kibonde, na joto linakimbia kwenye kuta mbili nzima ambazo hazina ukingo wazi. Hapa panda hadi 70 au 75. Rodi igawe kibonde sawasawa, nyuzi 45 kutoka kila ukuta, na mlalo wa mwendo ubaki ule ule wa nyuzi 10 hadi 15. Ukiinamia ukuta mmoja, mshono utamwagikia huko na ukuta wa pili utabaki na mfereji juu. Geuza fremu na uiegemeze ili kibonde kitazame juu na chuma kitulie ndani yake. Kuchomelea wima kunawezekana, ila kwa nini ujitese wakati geti linageuzika? Anayechomelea wima akishuka chini kwa haraka, jambo ambalo E6013 inaliruhusu, slagi inamkimbilia na mshono unakuwa wa juu juu.

Ukingo wa nje ni kinyume chake. Kingo mbili zilizokatwa zinakutana, joto halina pa kwenda, na hapa ndipo matundu mengi hutokea. Shuka hadi 60. Elekeza rodi katikati ya ukingo, sawasawa kwa kuta zote mbili, na usonge upesi. Ni milimita 40 tu. Ukiona dimbwi linabonyea, kata moto, subiri wekundu ufifie, endelea. Kuchomelea kwa vidoto hivi ni njia halali, kwa sharti moja: kila kidoto kipya kishike nusu ya kile cha awali kingali na moto. Kikishapoa, gonga slagi kwanza. Vidoto vilivyopangwa juu ya slagi baridi vinapendeza kwa macho lakini havina nguvu.

Mpangilio nao una maana, kwa kuwa mshono unaopoa unajikunja na kuvuta chuma upande wake. Mshono wa ndani ya pembe huifunga kona, wa nje huifungua, na nyuso bapa zikichomelewa zote upande mmoja fremu hunyanyuka pembe moja na kukataa kulala mezani. Kwa hiyo piga mishono ya nje kwenye kona zote nne, kisha ya ndani, halafu uso wa juu wa kona ya kwanza, uende kona iliyo mkabala wake kwa mshazari, urudi kwenye mbili zilizobaki. Geuza fremu, fuata utaratibu ule ule upande wa pili. Iache imefungwa kwa klampu mpaka uweze kuigusa kwa mkono mtupu. Kumwagia maji ili ipoe haraka ni kujitafutia kupinda. Inveta nayo inapata nafasi ya kupumua. Ikiwa imeandikwa asilimia 60 kwenye ampea fulani, maana yake kwa ampea hizo inachomelea dakika 6 katika kila 10.

Lazima niseme neno kuhusu macho, maana bado naona watu wakichomelea kwa miwani ya jua. Kwa ampea tulizotaja, kioo cha kofia ya kuchomelea kiwe namba 10. Miwani ya jua haizuii kinachounguza. Maumivu hayaji papo hapo. Yanakuja usiku, saa 6 hadi 12 baadaye, kama mchanga ndani ya jicho, na anayeyapata huwa hahusishi na kazi ya mchana. Watoto wanaosimama kutazama wanaunguzwa vilevile.

Kuhusu greinda baada ya mishono: mishono ya nyuso bapa inaweza kusawazishwa kidogo ili nondo na kufuli vikae, lakini acha kilima chembamba kinachoonekana. Wa ndani ya pembe usiuguse kabisa, maana ndio unaobeba mzigo wa kulala. Mteja akitaka kona laini kama fanicha, mwambie wazi kwamba atahitaji bomba lenye ukuta wa milimita 3, ambalo linakubali ampea 80 hadi 90 na mshono unaozama vya kutosha kusagwa. Kwa ukuta wa milimita 2, ulaini huo unanunuliwa kwa nguvu ya kona.

Zinabaki bawaba. Hapa unene unatofautiana, bamba la bawaba milimita 6 na bomba milimita 2. Rodi ikigawanya nyuzi 45 sawa kwa sawa, bomba litatoboka kabla bamba halijayeyuka. Panda hadi ampea 80 au 85 na uielekeze ncha kwenye bamba, kiasi kwamba theluthi mbili za moto ziangukie huko, huku ukingo wa dimbwi ukilamba bomba tu. Chomelea vipande vya sentimita 3, ruka, urudi, ili bomba lisipinde kuelekea bawaba. Ukishapoa, gonga slagi yote, piga brashi, na ufute kabla ya kupaka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Slagi iliyobaki inabanduka baada ya muda na kuondoka na rangi, na kutu inaanzia pale pale penye mshono wa bawaba.